Gari Limefungwa Saa Sita Mchana

Hotuba kwa wazazi wa shule ya awali jijini Dar es Salaam, mwezi Februari

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, poleni na jua. Mwalimu Mkuu, ahsante kwa kunipa nafasi hii. Umeniomba nizungumze nusu saa, na leo tutaipima hiyo nusu saa kwa kitu kilichoko kule nje.

Naomba mtazame dirishani. Ile IST nyeusi iliyopaki karibu na ukuta ni yangu. Tangu mlipokuwa mnakunywa chai, milango yake yote minne ilikuwa wazi ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Kwenye kiti cha nyuma, pale anapokaa mtoto, tumeweka kipimajoto cha waya. Kile kijiti chake kinachopima tumekifunika na kipande cha boksi, jua lisikipige moja kwa moja, kwa sababu tunataka kujua joto la hewa anayovuta mtoto. Namba zake zinasomeka ukiwa umesimama nje ya kioo. Fundi wetu amekubali kusimama pale na mwavuli na kunipazia sauti.

"Fundi, kinasoma ngapi?"

"Thelathini na mbili!"

Ni saa sita kamili. Funga milango yote, pandisha vioo.

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kitengo cha dharura miaka kumi na mbili. Lakini Mwalimu Mkuu aliniita baada ya kunisikia nikisimulia jambo lililonitokea mimi mwenyewe, na naona nianze na hilo, ili asiwepo mtu humu atakayedhani nimekuja kuwanyooshea kidole.

Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Nilitoka kumchukua kwa bibi yake mchana, na kabla hatujafika mbali akalala. Kila mama aliyemo humu anajua mtoto wa umri ule akishalala, hutaki hata kupiga chafya. Nilikuwa napita duka la dawa kununua vidonge vya presha vya mama yangu. Nikapaki chini ya mti. Nikashusha vioo vya mbele kidogo, upana wa vidole viwili, apate hewa. Nikafunga milango kwa ajili ya vibaka. Nikajiambia, naingia mara moja natoka.

Mbele yangu kulikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa anabishana kuhusu chenji. Zamu yangu ilipofika, malipo ya simu yakagoma, nikarudia, yakagoma tena. Sikuona kama nimekaa muda mrefu. Nilipotoka nikaangalia saa, zilikuwa zimepita dakika kumi na nne.

Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza kilichonipiga usoni ni hewa yenyewe, kama ile inayokupiga ukifunua sufuria ya wali. Mtoto alikuwa amelowa. Nywele zimemgandia kwenye paji la uso, shati limemshika mgongoni, kichwa kimeinama upande mmoja. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, maana nilitegemea kwamba joto likimzidi ataamka na kulia. Nilimwita mara tatu ndipo akafumbua macho, akayafumba tena. Nilimtoa, nikamvua, nikammwagia chupa nzima ya maji kifuani na kichwani pale pale barabarani. Ndipo akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Leo yuko darasa la nne.

Nilifanya kila kitu ambacho watu hufanya kwa nia njema: kivuli, vioo wazi kidogo, haraka. Nataka tuvichukue vitu hivyo vitatu tuone kila kimoja kina thamani gani.

Tuanze na haraka, yaani dakika.

Watu wengi wanadhani gari hupata joto kama chumba cha bati, taratibu, asubuhi hadi mchana. Gari haliko hivyo, na sababu ni udogo wake. Hewa yote iliyomo ndani ya gari kama lile langu ni kama mita za ujazo tatu, na uzito wake haufiki kilo nne. Tena hewa ni nyepesi kupashwa: inahitaji kama robo tu ya joto linalohitajiwa na maji ya uzito huo huo. Kwa hiyo kuipandisha hewa yote ya gari kwa nyuzi moja ni kazi isiyozidi kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja. Sasa jua la saa sita, mbingu ikiwa wazi, linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Hilo ni jiko la umeme la plati moja, limewashwa hadi mwisho. Na gari lina vioo mbele, nyuma na pembeni.

Mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila shida. Unapiga dashibodi, usukani, viti, vyote vyeusi au vya kijivu, na vitu hivyo vinaumeza na kuwa moto. Vikishakuwa moto vinapasha hewa inayovigusa. Kwenye uwanja wa wazi hewa ile ingepanda juu na kupisha nyingine ya ubaridi. Ndani ya gari haina pa kwenda. Inagonga paa, inarudi, inapita tena kwenye dashibodi, inaongezwa. Na joto ambalo dashibodi inalitoa kwa mnururisho haliwezi kupenya kioo kurudi nje kama ulivyopenya ule mwanga.

Mwaka 2005 madaktari na mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, Jan Null wa California, walichapisha vipimo vya gari lililofungwa juani kwa siku 16, nyingine za joto na nyingine za kawaida tu. Walichokiona ni kwamba asilimia 80 ya joto lote linaloongezeka huongezeka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kwa wastani, dakika kumi za kwanza huongeza kama nyuzi kumi, dakika ishirini nyuzi kumi na sita, nusu saa nyuzi kumi na tisa. Baada ya hapo gari linaendelea kupanda, lakini polepole, kwa sababu sasa linapoteza joto kwa nje karibu sawa na linavyolipokea.

Rudieni hapo kidogo. Sehemu mbaya kabisa ni mwanzo. Zile dakika kumi tunazoziita "mara moja" ndizo ambazo gari linakimbia kuliko wakati wowote mwingine.

"Fundi! Dakika kumi. Ngapi?"

"Arobaini na mbili!"

Mmesikia. Na nina jamaa zangu wa Iringa na Njombe ambao wakinisikia huwa wananiambia, sisi kwetu baridi, hilo ni tatizo lenu watu wa pwani. Kwenye vipimo vile vile kulikuwa na siku ambazo nje ilikuwa nyuzi 22 tu, hali ya mtu kuvaa sweta asubuhi. Ndani ya gari ilifika nyuzi 47. Kinachopasha gari ni jua. Joto la nje ni pa kuanzia tu. Mkienda Arusha au Nairobi mwezi wa Julai na jua limechomoza baada ya ukungu, gari lililofungwa ni hatari ile ile.

Cha pili ni vioo kufunguliwa kidogo. Watafiti wale walijaribu hilo pia, wakashusha vioo kama sentimita nne. Mwisho wa saa moja tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba haina maana. Nimelifikiria sana hili, kwa sababu mimi niliacha vioo wazi na moyo wangu ulitulia. Ufa wa vidole viwili unatosha mtoto asikose hewa ya kuvuta, na hapo ndipo tunapochanganya mambo. Watu wanaogopa mtoto atakosa pumzi. Kinachomuua ni joto, na joto halitoki kwenye ufa ule kwa kasi linayoingia nayo kupitia kioo chote.

Cha tatu ni kivuli. Kivuli kinasaidia, nisiwadanganye. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo la Arizona walipaki magari juani na mengine kivulini, siku za joto la zaidi ya nyuzi 37. Baada ya saa moja, hewa ndani ya gari la juani ilikuwa wastani wa nyuzi 47, dashibodi 69, usukani 53, kiti 51. Kivulini hewa ilikuwa 38 na dashibodi 48. Kisha wakakokotoa nini kingetokea kwa mtoto wa kiume wa miaka miwili: juani, mwili wake ungefika nyuzi 40 kwa muda wa kama saa moja, kivulini ungefika pale pale, ila kwa chini kidogo ya saa mbili. Kivuli kinakuongezea muda. Na kivuli cha mwarobaini, ndugu zangu, kinatembea. Unapaki saa nne kikiwa juu ya gari, saa sita kimehamia kwa jirani.

Naomba niongee sasa kama muuguzi.

Mwili wa binadamu unakaa kwenye nyuzi 37. Unatengeneza joto saa zote, hata ukiwa umelala, na lazima ulitupe nje. Hewa ikiwa na ubaridi kuliko ngozi, joto linatoka lenyewe. Hewa ikipita nyuzi 37, mlango huo umefungwa, tena umegeuka: sasa hewa ndiyo inayompa mtu joto. Inabaki njia moja, jasho linapokauka. Na jasho linakauka kukiwa na hewa kavu inayopita. Ndani ya gari lililofungwa hewa haipiti, na kila pumzi ya mtoto inaongeza unyevunyevu. Vipimo vya California na Arizona ni vya sehemu kavu. Hapa Dar mwezi wa pili, hewa imeshalowa kabla hujafunga mlango. Namba ya kipimajoto inaweza kuwa ile ile, lakini jasho la mtoto wa hapa linafanya kazi ndogo zaidi.

Mtoto mdogo naye ni mdogo kwa maana ile ile ambayo gari ni dogo. Uzito wake ni mchache ukilinganisha na ukubwa wa ngozi yake, kwa hiyo joto linamwingia upesi, na jasho lake bado ni changa. Mwili wake hupanda joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Ukifika nyuzi 40 ndani, tunaita kiharusi cha joto, na ubongo unaanza kuvurugika. Ukikaribia 42, viungo vinaharibika na mara nyingi harudi. Kutoka 37 mpaka 42 ni nyuzi tano tu. Gari langu limepanda kumi tangu nianze kuongea.

Na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kufungua kishikizo cha mkanda. Hawezi kuvua sweta. Akichoka na joto, analegea, na mtu akipita pembeni akichungulia anaona mtoto amelala vizuri.

"Dakika ishirini, mama! Arobaini na saba!"

Ahsante, fundi. Kunywa maji.

Sasa, watoto wanafikaje humo ndani? Jan Null amekuwa akiweka kumbukumbu za vifo vya namna hii Marekani tangu 1998, na wastani wake ni kama watoto 37 kila mwaka. Zaidi ya nusu walisahauliwa na mzazi au mlezi. Kama robo waliingia wenyewe kwenye gari wakicheza. Wengi wa waliobaki waliachwa kwa makusudi na mtu aliyedhani anarudi sasa hivi, kama mimi.

Najua neno "kusahau" linawaudhi. Nimeshasikia watu wakisema, mzazi gani anamsahau mwanawe? Naomba mnivumilie, maana ukiamini kwamba ni mzazi mbaya tu anayesahau, wewe hutachukua tahadhari yoyote, kwa kuwa wewe ni mzazi mzuri. Mtaalamu wa ubongo David Diamond wa Florida amewachunguza wazazi hawa kwa miaka mingi. Anaeleza kwamba kuna sehemu ya ubongo inayoshika mazoea, ile inayokufikisha kazini huku hukumbuki ulipita taa ngapi, na kuna sehemu nyingine inayoshika mipango: leo nipitie shule kwanza. Sehemu ya mazoea ina nguvu. Ukiwa na usingizi pungufu, ukiwa na mawazo, na ratiba ikibadilika, inaipiku ile nyingine. Siku zote mama ndiye anayempeleka mtoto. Leo mama ana homa, baba anampeleka. Mtoto analala nyuma, kimya, kwenye kiti kinachotazama nyuma kisichoonyesha kama kina mtu. Simu inaita kutoka kazini. Baba anakata kona ya kazini kama kila siku, na akilini mwake mtoto ameshashushwa. Angekuambia kwa kiapo kwamba amemshusha.

Nauliza walioko humu: ni wangapi ambao wiki hii wamefika nyumbani na mkate walioagizwa hawajaununua, na duka wamelipita? Ni ubongo ule ule. Haujui kwamba leo kilichoko nyuma ni mtoto.

Kwa hiyo weka nyuma, pembeni ya mtoto, kitu ambacho huwezi kuondoka bila nacho. Mkoba. Kitambulisho cha kazini. Baba mmoja ninayemfahamu huvua kiatu cha kushoto, gari lake likiwa la otomatiki, anakiweka miguuni pa mtoto. Akishuka mguu ukigusa lami anakumbuka. Huko Italia wamefika mbali zaidi: tangu mwishoni mwa 2019 sheria inataka kiti cha mtoto wa chini ya miaka minne kiwe na kifaa kinachopiga kelele dereva akimwacha. Hatuna hiyo. Mkoba tunao.

Na hapa nina ombi kwako, Mwalimu Mkuu, nalo ndilo ombi langu pekee kwa shule. Mtoto ambaye hajafika hadi saa tatu asubuhi na mzazi hajatoa taarifa, mwalimu wa darasa apige simu. Si ujumbe wa maandishi, kwa sababu ujumbe unaweza kusomwa saa saba. Apige, asipopata baba apige kwa mama, asipopata mama apige kwa bibi. Mtoto aliyesahauliwa saa moja na nusu asubuhi, wakati jua bado halijakaza, simu ya saa tatu ina nafasi ya kumkuta hai. Simu ya mchana haina.

Na ile Noah ya shule. Dereva wetu yuko hapa, namheshimu sana, anatuletea watoto salama kila siku. Kaka yangu, vioo vyako vina tinti nyeusi, na mtoto wa miaka mitatu akisinzia kiti cha mwisho anateleza mpaka chini, usawa wa kioo chako cha ndani humwoni. Ukishashusha, naomba uingie kwa miguu yako mpaka kiti cha mwisho, uinamishe kichwa uangalie chini ya viti, ndipo ufunge. Na matroni ahesabu wanaoshuka dhidi ya daftari la waliopanda.

Sasa nije kwa wanaoingia wenyewe, kwa sababu kwa mitaa yetu nadhani hili ndilo linalotuhusu kuliko yote. Desemba 2021 huko Badagry, jimbo la Lagos, Nigeria, watoto wanane walikutwa wamekufa ndani ya gari moja lililokuwa limepakiwa mtaani. Waliingia kucheza, milango ikawafungia. Wanane. 

Fikirieni mitaa yetu. Kila gereji ina gari lililokaa juu ya mawe. Kila uwanja wa nyumba ya kupanga una gari la mtu aliyesafiri. Kwa mtoto lile ni basi, ni ndege, ni nyumba. Wanaingia watatu, wa nje anasukuma mlango, unajifunga. Mlango wa nyuma wenye kufuli ya watoto haufunguki kwa ndani hata uvute vipi. Ulitengenezwa hivyo ili mtoto asidondoke njiani. Buti nalo ni baya zaidi. Kama gari lako linatembea, lifunge kila unapolipaki, hata ndani ya geti lako, na funguo isikae mezani. Kama ni bovu na umeliacha hapo mwaka wa pili, toa milango au ifunge kwa minyororo, na buti ulitoe kitasa. Betri ikishakufa hata honi haipigi.

Na mfundisheni mtoto kuanzia miaka mitatu, kwenye gari lenu, siku ya Jumapili, kama mchezo: ukijikuta umefungiwa, panda kiti cha mbele, bonyeza honi, bonyeza, usiache. Kwenye magari mengi honi inapiga hata bila funguo. Jaribuni lenu kama linapiga. Na mtoto akipotea nyumbani, kabla ya kwenda kwa jirani, angalieni kwenye kisima na kwenye magari yote, pamoja na buti. Hizo ndizo sehemu ambazo dakika zina bei.

"Nusu saa! Hamsini!"

Hamsini. Tulianza na thelathini na mbili.

Niseme juu ya mbwa na paka, kwa sababu dada mmoja ameniuliza asubuhi, na kuna watu wengi sasa wanapeleka mbwa kwa daktari wa mifugo kwa gari. Mbwa hana jasho la mwili kama letu. Vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, kidogo tu. Anapoza mwili kwa kuhema, ulimi nje, mate yakikauka. Hewa ya moto yenye unyevu ikimjaa, kuhema hakumsaidii, tena kule kuhema kwa nguvu kunamwongezea joto. Mwili wake wa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo ameshaanza juu. Wenye pua fupi na waliovimba mafuta ndio wa kwanza kuanguka. Ukimwona anahema kwa kasi, mate mazito yanamning'inia, anayumba au anatapika, ameshaingia hatarini. Mtoe, mloweshe kwa maji mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari. Paka kwenye kikapu na kuku kwenye tenga ni vivyo hivyo.

Mwisho, ukipita sokoni ukakuta mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa. Gonga kioo kwa nguvu. Akiamka na kukutazama vizuri, mtu mmoja abaki na gari, mwingine akimbie kutangaza namba ya gari, mwingine apige 112 polisi au 114 zimamoto. Akiwa hakujibu, amelegea, amelowa chapachapa, au ngozi ni moto mkavu na macho yanazunguka, usisubiri mwenye gari. Vunja kioo cha pembeni kilicho mbali na mtoto. Usihangaike na kioo cha mbele, kile kina utando katikati, kinapasuka hakifunguki. Cha pembeni, piga kwenye kona, karibu na fremu, kwa kitu kigumu chenye ncha. Katikati ya kioo utapiga mpaka mkono uvimbe. Kitamwagika chenga chenga.

Mtoe, mpeleke kivulini, mvue nguo zote pamoja na nepi. Mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee kwa kanga, mwagia tena, mpepee tena, na usiache hata mkiwa mmeshapanda bajaji kwenda hospitali. Maji na upepo kwa pamoja ndivyo vinavyofanya kazi ambayo jasho lake limeshindwa. Asiye na fahamu kamili msimpe kinywaji, kitaingia kwenye mapafu, mlazeni ubavu. Na msimpe Panadol. Panadol inashusha homa, ambako ubongo wenyewe umeagiza joto. Huyu ubongo wake haukuagiza kitu, joto limetoka nje, dawa ile haina cha kushusha. Na hata akichangamka akaomba maziwa, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa figo na ini huonyesha madhara baadaye.

Kuna mama ananyoosha mkono. Ndiyo, mama.

Anauliza, je, nikimwacha na kiyoyozi kimewashwa? Mama yangu, gari likiwaka na mtoto ndani, injini inaweza kuzimika, anaweza kugusa gia, na mwizi anaweza kuondoka na gari pamoja na mtoto wako. Na kiyoyozi kikizima, ubaridi ule ulikuwa wa hewa tu, zile kilo nne nilizosema. Dashibodi iko pale pale inachomwa na jua. Mbebe. Akiamka akalia dukani, watu watakutazama, basi watazame.

Tumefika. Twendeni nje wote, taratibu, watoto watangulie upande wa kivuli.

"Fundi, sasa?"

"Hamsini na mbili, na dakika arobaini hazijaisha."

Fungua milango yote minne. Baba, sogea karibu, weka kichwa mlangoni kidogo usikie. Na wewe dada, kile kishikizo cha mkanda, cha chuma, pale panapokaa paja la mtoto: usikishike, weka tu mgongo wa mkono karibu yake.